Niliusingizia Umeme

Kwenye seva ya mteja wangu mmoja wa Morogoro kuna tukio namba 1076 lenye jina langu. Linasema mashine ilizimika ghafla usiku kwa sababu ya umeme. Si kweli. Umeme haukuhusika, na mimi niliyejaza sababu hiyo sikuwa nimesoma chochote zaidi ya mstari mmoja mwekundu. Kwa neno langu hilo mama mwenye duka alinunua UPS mpya, na mlinzi wake wa usiku nusura afukuzwe kazi. Ushahidi wote wa kunisahihisha ulikuwemo kwenye logi za seva ile ile tangu asubuhi ya kwanza, na ndiyo maana sina pa kujificha.

Duka ni la jumla, la vifaa vya ujenzi. Seva yao ni moja tu, imewekwa chumba cha nyuma jirani na stoo ya rangi. Ni Windows Server 2019, na juu yake kuna SQL Server yenye hesabu na mali yote ya duka. Usiku hakuna anayeigusa. Siku hiyo watu wa kaunta walifika wakaukuta mfumo unafanya kazi kama kawaida, ila ripoti ya kufunga mwezi iliyoachwa ikijiendesha usiku haikuwepo. Dada wa mahesabu akachungulia, akaona mashine imewaka upya saa za usiku wa manane. Nikapigiwa simu.

Niliingia kwenye seva nikiwa nyumbani, chai mkononi. Windows Server ikizimika bila kuaga, msimamizi wa kwanza kuingia hutolewa kisanduku kinachomuuliza kwa nini mashine ilizimika. Kuna orodha ya sababu za kuchagua na nafasi ya kuandika maelezo. Nilikifunga bila kujibu, nikijua kitarudi nitakapoingia tena, nikafungua Event Viewer upande wa System.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Logi ya System ina maelfu ya mistari na mimi nilikuwa na haraka, kwa hiyo nikachuja nibakiwe na matukio ya daraja la Critical peke yake. Ukitia tiki hapo na kuacha Error na Information, unabaki na kitu kimoja tu cha kusoma, nami nilibaki nacho:

```
Kernel-Power  41  Critical
The system has rebooted without cleanly shutting down first.
This error could be caused if the system stopped responding,
crashed, or lost power unexpectedly.
```

Soma tena sentensi ya pili. Inataja mambo matatu: mashine iliganda, au mfumo ulianguka, au umeme ulikatika. Mimi nilisoma la tatu tu, kwa sababu chanzo cha tukio kimeandikwa Kernel-Power na kwa sababu kukatika kwa umeme ni jambo ambalo kila mtu Morogoro yuko tayari kuliamini. Nikampigia mlinzi kupata shahidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi."

"Jana usiku umeme ulikatika?"

"Ulikatika, tena giza totoro."

Nikamshukuru. Sikumuuliza saa ngapi.

Mama mwenye duka nilimwambia UPS imechoka. Akashangaa: "Si betri zake tumebadilisha juzijuzi tu, baba?" Nikamjibu, bila hata kuiona hiyo UPS, kwamba zitakuwa feki. Jibu hilo linaniuma kuliko yote, maana halikuwa kosa la kusoma vibaya, nililitunga pale pale ili hadithi yangu isimame. Kisha akamgeukia mlinzi kuhusu jenereta: iweje mtu analipwa kukaa macho halafu mashine inazimika? Mimi nikaingia tena kwenye seva, kisanduku kikarudi, nikachagua "Power Failure: Environment" na kuthibitisha. Jibu hilo ndilo huandikwa kama tukio 1076 pamoja na jina la aliyelijaza. Event Viewer haina njia ya kufuta mstari mmoja. Unaweza kufuta logi nzima, nako huko kufuta kunaacha tukio jingine, namba 104, linalomtaja aliyefuta.

Wiki chache baadaye UPS mpya ilikuwa na taa ya kijani, umeme haukukatika usiku kucha, na seva ikawaka upya tena. Safari hii nilikwenda mwenyewe.

Kitu cha kwanza nilichofanya, ambacho kilipaswa kufanywa siku ya kwanza, ni kuhamisha nakala ya logi kabla ya kugusa kingine. Logi ya System kwa kawaida hupewa megabaiti 20, na ikijaa matukio mapya huandikwa juu ya yale ya zamani bila kukuomba ruhusa. Kwenye seva yenye kelele nyingi, usiku unaoutafuta unaweza kuwa umeshafutika.

```
wevtutil epl System D:\ushahidi\System.evtx
wevtutil epl Application D:\ushahidi\Application.evtx
```

Kisha nikaacha kuchuja kwa daraja, nikachuja kwa namba, yaani kila tukio linalohusu kuzimika na kuwaka, la daraja lolote, kwa mpangilio wa saa:

```
Get-WinEvent -FilterHashtable @{
  Path='D:\ushahidi\System.evtx'
  Id=12,13,41,1001,1074,6005,6006,6008
} | Sort-Object TimeCreated |
  Format-Table TimeCreated, Id, ProviderName -AutoSize
```

Safu ya ProviderName usiiache. Namba ya tukio si kitambulisho kamili, kwani programu mbili tofauti zinaweza kutumia namba moja kwa mambo yasiyohusiana. Kwa mfano 1001 ya logi ya System ndiyo habari ya mfumo kuanguka, lakini 1001 ya logi ya Application mara nyingi ni programu ya kawaida tu iliyokwama.

Nilianza na ule usiku wa kwanza, ule niliokwisha kuuhukumu. Ulisomeka hivi:

```
02:18:36    12  Microsoft-Windows-Kernel-General
02:18:39    41  Microsoft-Windows-Kernel-Power
02:18:52  6005  EventLog
02:18:52  6008  EventLog
02:19:20  1001  Microsoft-Windows-WER-SystemErrorReporting
```

Tazama 41 ilipokaa. Imeandikwa baada ya 12, na 12 ndiyo habari ya mfumo kuanza kuwaka. Kwa hiyo 41 haikuandikwa mashine ikifa, iliandikwa mashine ilipoamka na kukuta kwamba safari iliyopita haikufungwa vizuri. Ni kama mlinzi wa zamu ya asubuhi anayekuta dirisha limevunjwa: atakuambia limevunjwa, hawezi kukuambia nani kavunja, na saa atakayoandika ni ile aliyofika yeye. Mimi nilikuwa nimeichukua saa ya 41 kuwa saa ya tukio, na jina la chanzo chake kuwa sababu.

Jambo la pili ni lile lisilokuwepo. Juu ya mistari hiyo hapakuwa na 1074, wala 6006, wala 13. Mtu au programu ikiiagiza seva iwake upya, 1074 huandikwa ikitaja programu iliyoagiza, kwa niaba ya nani na kwa sababu gani. Masasisho ya Windows yanapoiwasha upya usiku, humo ndimo utakuta TrustedInstaller.exe au mwenzake akijitaja. Kisha 6006 husema huduma ya logi imesimama, na 13 husema mfumo unazimika. Zote tatu zilikosekana. Mashine haikuambiwa na mtu izime. Ilikufa.

Ilikufa saa ngapi? Hilo linajibiwa na 6008, ambayo nayo huandikwa baada ya kuamka lakini ndani ya ujumbe wake hutaja saa ya nyuma. Ya usiku ule ilisema mfumo ulizimika 2:12:47 AM. Saa hiyo si ya kukisia. Windows Server huandika alama ya uhai kwenye diski kila sekunde 60, na 6008 husoma alama ya mwisho. Maana yake mashine ilikuwa hai saa 2:12:47 na ilikufa ndani ya dakika moja iliyofuata. Ikakaa kama dakika tano kabla ya kuanza kuwaka.

Sasa nikaenda kwa mlinzi, nikaomba daftari la zamu. Mzee yule huandika vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua. Usiku ule alikuwa ameandika: "Umeme umekatika 5:40. Jenereta 5:46. Umeme umerudi 6:25." Giza liliingia saa tano na dakika arobaini usiku, na umeme ukarudi saa sita na dakika ishirini na tano. Seva ilikufa saa nane na dakika kumi na tatu. Kati ya umeme kurudi na seva kufa kulikuwa na karibu saa mbili.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilitaka kujua kama ile UPS niliyoiita mbovu ilifanya kazi. Kwenye logi ya Application, SQL Server huandika tukio 18265 kila inapomaliza nakala ya akiba ya logi ya miamala, na pale dukani nakala hizo hufanyika kila robo saa. Zilikuwepo zote: 23:30, 23:45, 00:00, 00:15, 00:30, na kuendelea bila pengo mpaka 02:00. Ya 02:15 haikuwepo, ikarudi 02:30. Ile ya 23:45 ndiyo iliyonimaliza. Umeme ulikatika 23:40 na jenereta likawaka 23:46, kwa hiyo saa ile hakukuwa na umeme wa gridi wala wa jenereta, na seva ilikuwa ikiandika nakala yake kwa nguvu ya betri nilizoziita feki. UPS ilikuwa nzima. Mlinzi aliwasha jenereta ndani ya dakika sita, gizani, peke yake.

Sababu yenyewe ilikuwa ndani ya 41 niliyoisoma nusu. Ukiifungua na kwenda kwenye Details, kuna data ambazo ujumbe wa juu hauzionyeshi:

```
BugcheckCode          209
BugcheckParameter4    0xfffff8046c1e23a7
PowerButtonTimestamp  0
```

BugcheckCode ikiwa si sifuri, mfumo wenyewe ulijiangusha, yaani ile skrini ya bluu, na umeme hauhusiki. Kuna mtego mdogo: namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kawaida, ilhali orodha za makosa ya Windows hutumia hesabu ya kumi na sita. Ukitafuta 0x209 utapotea. Badilisha 209 kwa kikokotoo upate D1. Tukio 1001, ambalo kichujio changu cha kwanza kilikuwa kimelitupa kwa kuwa ni la daraja la Error, lilikuwa limeshaandika hivyo hivyo kwa uwazi: mashine iliwaka upya kutokana na bugcheck 0x000000d1, na nakala ya memori ikahifadhiwa C:\Windows\MEMORY.DMP.

D1 ni kosa la draiva. Draiva fulani iligusa sehemu ya memori ambayo wakati ule haikuruhusiwa kuigusa, na Windows ikaona ni heri kusimama kuliko kuharibu data. Namba ya nne kati ya zile zinazofuata kosa ni anwani ya maelekezo yaliyofanya kitendo hicho. Dakika zile tano za ukimya zikaeleweka pia: mashine ilikuwa ikimwaga memori kwenye diski, kisha ikapita ukaguzi wake wa kuwaka.

Hapa nililipia uzembe wangu. MEMORY.DMP ni faili moja, na kwa mpangilio wa kawaida anguko jipya huandika juu ya la zamani. La usiku wa kwanza lilikuwa limeshafutwa na la pili, kwa sababu sikulinakili. Nilibaki na swali: ni draiva ile ile mara zote mbili, au ni mambo mawili tofauti? Anwani za nne zilikuwa hizi, ya usiku wa kwanza na ya pili:

```
0xfffff8046c1e23a7
0xfffff80231b523a7
```

Hazifanani, na hazikutakiwa kufanana, kwani Windows hupakia draiva mahali tofauti kwenye memori kila inapowaka, kwa usalama. Lakini haiipakii popote tu. Huanzia mwanzo wa ukurasa wa memori, na ukurasa ni kilobaiti 4, hivyo mwanzo ubadilike vipi, tarakimu tatu za mwisho za anwani ya maelekezo yale yale hubaki vile vile. Zote mbili zinaishia 3a7. Si uthibitisho wa mahakamani, lakini kwa kosa la aina moja kwenye mashine moja, sikuwa na sababu ya kutafuta mshukiwa wa pili.

Faili ya usiku wa pili nikainakili kwenye laptopu yangu, nikaifungua kwa WinDbg na kuandika `!analyze -v`. Kwenye mstari wa IMAGE_NAME likatoka jina la faili ya .sys. Nililitambua mara moja, na tumbo likanicheza. Ilikuwa draiva ya programu ya kupeleleza msongamano wa mtandao, niliyoijaribu kwenye seva hiyo, nikaona hainifai, nikaifuta. Programu ilifutika, draiva yake ikabaki imejishikiza kwenye kadi ya mtandao.

Kama ningetaka kubisha, logi ilikuwa na neno juu ya hilo pia. Huduma au draiva mpya inapoandikishwa, Service Control Manager huandika tukio 7045. Nililitafuta kwa jina la faili nikalipata: Service Type ikasema kernel mode driver, saa ikasema alasiri, siku mbili kabla ya usiku wa kwanza, na kwenye nafasi ya User palikuwa na akaunti yangu.

Kuiondoa hakukuchukua muda. `pnputil /enum-drivers` ikanipa jina lake la oem, nikaifuta kwa `pnputil /delete-driver` na `/uninstall`, kisha nikaiwasha seva upya mwenyewe, mchana, nikiwa nimewaarifu watu wa kaunta. 1074 ikaandikwa kama inavyotakiwa.

Niseme pia kile ambacho logi isingeweza kunipa. Kama BugcheckCode ingekuwa 0, na PowerButtonTimestamp nayo 0, ningekuwa na uwezekano kadhaa usiotenganishika kwa Event Viewer: umeme kukatika kweli, mashine kuganda mpaka mtu akaichomoa, au anguko baya kiasi kwamba Windows haikuwahi kujiandikia. Hapo unatoka nje ya Windows, unakwenda kwenye logi ya bodi ya usimamizi ya seva yenyewe, ambayo hurekodi habari za umeme na joto hata mfumo ukiwa umekufa, na kwenye logi ya UPS kama inayo. PowerButtonTimestamp ikiwa si sifuri, kuna mtu alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kwa hiyo hata kama ningebahatika na kweli ikawa ni umeme, asubuhi ile sikuwa na haki ya kusema hivyo kwa 41 peke yake.

Mama nilimweleza ofisini kwake, na karatasi zilizochapwa juu ya meza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Kwa hiyo ile UPS ya zamani ni nzima?"

"Ni nzima, mama."

"Basi hii mpya utailipa wewe, kidogo kidogo."

Nikakubali. Kwa mlinzi nilikwenda jioni, alipoingia zamu, nikamwomba radhi. Alinitazama, akasema, "Ungeniuliza saa tu, fundi. Nilikuwa nimeandika."

Wewe mwenye duka, shule au zahanati yenye seva chumba cha nyuma: fundi akikuletea ripoti inayosema ni umeme, mwombe akuonyeshe BugcheckCode ya 41 ni ngapi na 6008 inataja saa ngapi, kisha fungua daftari la mlinzi ulinganishe. Akishindwa kukuonyesha, usinunue kitu.